Somo la majaribio: kuanza hesabu za sehemu, darasa la tatu, Goma (dakika 10)

(Dakika 0–3.) "Jambo watoto! Karatasi hii ni mkate. Ninaukata hapa pembeni. Je, hiki ni nusu?" (Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa vipande ni viwili.) "Tuweke kimoja juu ya kingine. Vinalingana? Hapana. Basi si nusu."

(Dakika 3–8.) "Kila mtu akunje karatasi yake, ncha kwa ncha. Kunjeni tena. Fungueni: sehemu nne sawa. Pakeni moja rangi. Tunaandika 1/4: chini sehemu zote, juu iliyopakwa." (Usiharakishe hapa. Atakayeandika 1/3 amehesabu nyeupe tu. Ahesabu upya kwa kidole.)

(Dakika 8–10.) "Ipi kubwa, 1/2 au 1/4?" (Watadanganywa na 4. Usiwape jibu; walinganishe karatasi.)