Sanduku la Ziada: riwaya yangu mpya inazinduliwa Novemba 14

1/7
SANDUKU LA ZIADA
Riwaya
Karani wa Kigoma alihesabu masanduku ya meli bila kukosea hata moja, na kosa lake likawa hilo.

2/7
Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ambayo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Hayo ni ya historia, yanayofuata nimeyatunga.

3/7
Sura ya 1
“Idrisa alihesabu mara ya tatu, safari hii akigusa kila sanduku kwa kiganja kama mtu apokeaye mbuzi wa mahari, na kwa mara ya tatu likazidi moja. Bwana mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akafunga daftari taratibu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha pwani: ‘Andika hesabu niliyokupa mimi.’”

4/7
Sura ya 4
“Halikuwa na chapa wala namba. Misumari yake ilikuwa mipya, nayo yote ililalia upande ambao hulalia inapogongwa na mtu wa shoto. Idrisa alimjua fundi mmoja tu wa shoto Kigoma nzima, naye usiku huo alikuwa akikoroma chumba cha pili: kaka wa mkewe.”

5/7
Sura ya 9, Julai 1916
“‘Baba Zena, mbona wanaipaka mitambo grisi, na meli yenyewe wanakwenda kuizamisha?’
‘Kwa sababu wanakusudia kurudi.’
‘Na lile sanduku?’
Idrisa aliinuka, akazima taa.”

6/7
Sura ya 15, mwaka 1924
“Siku Waingereza walipoiibua, Mwajuma alikuwa mwaloni tangu alfajiri. Watu wote waliitazama meli ikitoka majini na matope yake. Yeye aliitazama mikono ya wapiga mbizi.”

7/7
Mhariri wangu alitamani niweke hapa angalau aya moja ya sura ya 17, nami nilikataa, kwa kuwa aya yoyote ya sura hiyo ingekuambia ni nani aliyelifungua sanduku. (Dada yangu, aliyesoma mswada, alinipigia simu saa nane za usiku kunilaumu kwa ajili ya Mwajuma. Sitaeleza zaidi.)

Uzinduzi utafanyika Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2026, saa kumi jioni, mwaloni Kibirizi, Kigoma, ambapo nitasoma sura ya kwanza yote kwa sauti. Kitabu kina kurasa 312 na kitauzwa shilingi 25,000. Wanaotaka nakala yenye sahihi watumiwe Dar es Salaam, Mwanza au Bujumbura waniandikie ujumbe kabla ya Novemba 7.

Kwenye maoni, niambie unadhani ndani ya sanduku mna nini. Nitasoma yote, lakini sitamjibu hata aliyepatia.