Mpango wako wa wiki sita wa kurudi mbioni baada ya kuchanika kigimbi

Dada, anza siku utakayoweza kutembea haraka dakika 30 bila kuchechemea, kisha ukasimama kwa mguu ulioumia na kuinua kisigino mara 20 bila maumivu. Ukiishia 12, subiri kwanza, hata wenzako wa kikundi wakikuita.

Siku zako ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Usikimbie siku mbili mfululizo. Pita kwenye lami tambarare ya Toure Drive. Mchanga wa Coco Beach uache: kisigino kinazama na kigimbi kinavutwa kila hatua. Daraja la Tanzanite nalo lisubiri, kwa sababu ya mwinuko.

Kila siku tangulia na dakika 5 za kutembea, na umalizie hivyo hivyo. Kimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima.

Wiki ya 1: tembea dakika 4, kimbia 1, mara 5
Wiki ya 2: tembea 3, kimbia 2, mara 5
Wiki ya 3: tembea 2, kimbia 3, mara 5
Wiki ya 4: tembea 2, kimbia 5, mara 4
Wiki ya 5: tembea 1, kimbia 8, mara 3
Wiki ya 6: kimbia 10, tembea 1, kimbia 10, Jumamosi kimbia 20 mfululizo

Jumanne na Jumamosi, ukishamaliza, inua visigino seti 3 za 12 goti likiwa limenyooka, na 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Usiziruke hizi za goti lililokunjwa. Ndizo zinazoufikia msuli wa ndani.

LINI USIMAME

Ukisikia kitu kimechoma au kuvuta ghafla, simama hapo hapo. Usijaribu "kumalizia raundi". Rudi kwa bajaji, pumzika siku 2, kisha rudia kipimo cha visigino kabla ya kukimbia tena.

Maumivu yakizidi 3 kati ya 10, au ukianza kuchechemea, siku hiyo imeisha. Tembea taratibu nyumbani.

Asubuhi inayofuata, shuka ngazi. Kigimbi kikiuma au kukaza kuliko jana, ahirisha hadi kitulie, kisha rudia wiki iliyotangulia. Wiki ya 3 na ya 4 ndizo ninazokuhofia zaidi: maumivu yameshaondoka, lakini msuli haujarudisha nguvu zake.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo mguu ukivimba, ukawa wa moto au ukauma hata umekaa. Huenda ni damu iliyoganda. Ukibanwa na pumzi au kifua, ni dharura, usingoje hata saa moja. Ukisikia mlio wa "pa!" nyuma ya kisigino na ukashindwa kusimama kwa vidole, usiukanyagie mguu huo, nenda ukapimwe.

Kila Jumamosi jioni nitumie ujumbe wenye mambo mawili tu: maumivu mangapi kati ya 10, na ngazi za asubuhi zilikuwaje.