Nasaha baada ya swala ya Ijumaa: kuchangia damu Jumapili hii

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, wazee wangu, vijana, na mama zetu mlio nyuma ya pazia. Imamu amenipa dakika chache kabla hamjatawanyika. Wengi mnanijua, nafanya kazi maabara. Jumapili hii kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, watu wa Damu Salama watakuwa hapa kwenye ua wa madrasa. Kuchangia ni bure, na aliyechangia halipwi.

Tumezoea kutoa damu simu ikishapigwa: "Fulani yuko leba, njooni." Basi tunakimbizana na bodaboda, wa kwanza hajala, wa pili ana uzito mdogo, wa tatu kundi lake silo. Na hata akipatikana, damu yake haingii kwa mgonjwa papo hapo. Lazima ipimwe kwanza Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda huo. Damu itakayomfaa ni ile iliyokwisha kupimwa, iko kwenye friji. Nayo hukaa wiki chache tu, kwa hiyo mliochangia mwaka jana, chupa zenu zimeshakwenda kwa wenyewe. Watoto wenye malaria kali na wenye selimundu ndio tunaowapelekea kila mara.

Sasa, nani anafaa? Mwenye umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na siku hiyo yu mzima. Mwanamume akishatoa hukaa miezi 3 ndipo arudi, mwanamke miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoe, wao wana mtu mwingine wa kumlisha. Mwenye homa, aliye kwenye dozi ya malaria au antibaotiki, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, asubiri. Mwenye presha, kisukari, moyo au kifafa asijipitishe mwenyewe wala asijikatae mwenyewe, amweleze muuguzi dawa anazotumia.

Na hili la kwetu: aliyeumikwa au kuchanjwa chale miezi ya karibuni aseme. Wembe ule hujui ulipita kwa nani. Huenda ukaambiwa usubiri miezi kadhaa, usione haya.

Maswali ya muuguzi mengine ni ya ndani, yanagusa faragha ya mtu. Mtaulizwa mkiwa peke yenu, si mbele ya shemeji. Jibuni kweli. Damu yote hupimwa, lakini mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita kipimo kinaweza kisimwone. Ukificha, unamkabidhi mtoto wa mwenzio maradhi. Hiyo ni amana, wallahi, nzito kuliko fedha. Kama una shaka na nafsi yako, rudi nyumbani kimya kimya, hakuna atakayekuuliza kwa nini hukutoa. Na asije mtu kuchangia ili apate kipimo cha Ukimwi. Kipimo hicho ni bure kwenye vituo vya afya.

Utachomwa kidoleni kwanza kuona wingi wa damu. Huko kwetu mara nyingine tone linadondoshwa kwenye maji ya buluu. Likizama, damu yako inatosha. Likielea, utaambiwa ukale vizuri urudi siku nyingine. Kisha dakika kama kumi kitandani, sindano mpya inayofunguliwa mbele yako, mililita 450. Mtu mzima ana kama lita 5. Maji yaliyopungua mwili huyarudisha ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Wanaume mnaoninong'oneza kuhusu nguvu: haziondoki.

Tumechagua Jumapili kwa sababu wafungao sunna ya Jumatatu na Alhamisi hawatakuwa na swaumu. Njooni mmekula, mmekunywa maji ya kutosha. Baada ya kutoa, kaa uvuli upewe juisi, usibebe mizigo siku hiyo, na ukihisi kizunguzungu lala chini, usijikaze.

Sheikh ameniruhusu nikumbushe pia: kwa madhehebu yetu ya Shafi, kutoka damu mkononi hakutengui udhu. Ila damu ni najisi, kwa hiyo angalia nguo na plasta kabla hujasimama kuswali Adhuhuri.

Mama zetu mtakuwa chumba cha kwanza cha madrasa, wauguzi wanawake watupu. Wanaume barazani. Kila mmoja aje na kitambulisho. Daftari la majina liko mlangoni upande wa kutawadhia. Andikeni na namba ya simu, maana majibu ya vipimo mtapewa kwa siri, mtu na yake. Hata usiyefaa kutoa njoo. Tunataka wa kupika uji na wa kuwakalisha wazee.

Wabillahi tawfiq.