Bustani za Magunia, Rubondo: Kazi Inaanza Septemba

Jirani mpendwa wa Rubondo, mkimbizi au mwenyeji, fuata karatasi hii. Ile ya mwezi wa saba iliyosema tu kwamba tutaleta "lishe bora kwa kaya" haitumiki tena.

Kitakachofanyika ni hiki. Familia 60, 30 za wakimbizi na 30 za wenyeji, zitafundishwa kulima mboga ndani ya magunia karibu na nyumba. Kila familia itapewa magunia mawili, mbegu za sukuma wiki na za lengalenga (wengine huziita dodo). Wewe utaleta udongo, mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri, na mawe madogo. Hatutoi pesa wala posho.

Kuandikishwa ni kuanzia Jumatatu 24 hadi Ijumaa 28 Agosti 2026, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa mwenyekiti wa kijiji chako. Wenyeji waende kwa mwenyekiti wa LC1. Mtu mmoja mzima aandikishe familia nzima, na jina tu linatosha. Ni bure kabisa. Yeyote akikuomba hata shilingi mia, usimpe. Mwambie mfanyakazi wetu siku ya mkutano.

Wakijitokeza zaidi ya 60, tutapiga kura mbele ya wote Jumatatu 31 Agosti saa nne asubuhi, chini ya mti wa mikutano. Watakaokosa wataandikwa wa kwanza kwa awamu ya Februari 2027, kabla ya mvua za Machi.

Jumatatu 7 Septemba tutasia mbegu kwenye kitalu. Jumatatu 14 Septemba tutajaza magunia, na siku hii tafadhali usikose, kwa sababu gunia likijazwa vibaya, mboga za chini hukauka hata ukimwagilia kila jioni. Tunasimamisha mkebe usio na kitako katikati, tunaujaza mawe, tunazungushia udongo uliochanganywa na mbolea, kisha tunauvuta mkebe juu na kuendelea hivyo hadi gunia lijae. Maji hupita kwenye mawe na kufika hadi chini. Maji uliyosuuzia mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi yaache.

Jumatatu 5 Oktoba tutapandikiza miche, juu na kwenye matundu ya ubavuni. Mvua zikienda vizuri, Novemba utaanza kuchuma majani.

Mafunzo yote ni saa tatu hadi saa sita, na njoo na mtoto wako anyonyaye, kuna kivuli. Mzee au mtu mwenye ulemavu asiyeweza kubeba udongo aandikishwe vilevile: vijana wa kikundi watamjazia magunia nyumbani kwake. Tunaomba jirani anayesoma amsomee asiyejua kusoma, na ambaye hawezi kutembea aandikishwe na jirani yake.