RATIBA YA MUDA SALUNI, UMEME BADO HAUJARUDI (soma kabla hujapanda boda)

Mashosti na wateja wetu wote wa Tabata Kimanga na mnaotoka mbali, habari za leo. Inboksi imejaa "mmefunga?" "mmehama?" maana mmepita jioni mkakuta giza na geti limerudishwa. Hatujafunga jamani na hatujahama, tupo. Transfoma ya mtaa iliungua Jumamosi usiku, ikapiga kishindo mpaka mbwa wote wakaamka, na tangu hapo upande wetu wote kuanzia kwa fundi cherehani mpaka kona ya bucha hakuna kitu. Tumeambiwa italetwa nyingine ila siku hakuna anayeitaja, wa leo anakwambia kesho, wa kesho anakwambia wiki ijayo, kwahiyo tumeona tusikae tunapepea inzi, tumepanga ratiba ya muda kuanzia kesho Jumatano mpaka umeme urudi.

KUSUKA ndio tunaendelea kama kawaida, ila tunafungua mapema: saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 12 jioni, basi. Baada ya hapo jua limezama na hatusuki kwa tochi ya simu, naomba tuelewane hapo. Tochi inapiga upande mmoja, msusi anapata kivuli cha mkono wake mwenyewe, mistari inakaa kombo na wewe utaenda kuiona kesho asubuhi kwenye kioo cha kwako halafu lawama zinarudi huku. Viti vya kusukia tumevisogeza barazani na pale mlangoni penye mwanga. Twende kilioni na yebo unaweza kuja hata saa 8 mchana ukamaliza, ila rasta ndogo ndogo zile za mgongoni zinakula masaa 6 mpaka 8, kwahiyo ukija saa 6 mchana tutakurudisha nyumbani, sio roho mbaya. Njoo saa 12 na nusu, chai utakunywa hapa, mama wa vitumbua yupo jirani. Maji ya moto ya kuchovyea rasta yapo, tunachemsha kwa gesi.

Wewe unayependa kuja na nywele mbichi umetoka kuosha nyumbani ukitegemea tukudrai hapa, asubuhi hiyo draya hakuna. Osha jana yake, zikauke kabisa. Nywele mbichi ukizifungia ndani ya rasta zinavunda na harufu yake unaijua mwenyewe.

DRAYA, BLODRAI, PASI NA STIMA ni saa 5 asubuhi mpaka saa 9 mchana tu, ndio muda wa jenereta. Jenereta letu ni dogo, la kilo mbili na nusu, linakunywa kama lita moja ya petroli kwa saa. Draya ya mkono peke yake inavuta karibu wati 2000, ya kukalia karibu 1000, sasa tukiwasha ya mkono ile ya kukalia inabidi izimwe la sivyo jenereta linakohoa na kuzima na sote tunabaki na rola kichwani. Maana yake mnaingia kwa zamu. Andika jina kuanzia jioni yake, ukichelewa nusu saa anaingia anayefuata, na tafadhali msiombe kuchaji simu wakati blodrai inaendelea, mara simu moja mara pawabenki tatu, mwisho wa siku hatujui jenereta ni la saluni au la kibanda cha kuchaji 😅

Jenereta lipo nje kule nyuma na litabaki huko huko. Juzi ilinyesha dada mmoja akasema tuliingize koridoni, hapana. Moshi wake una gesi ambayo huioni wala huisikii harufu na inaua watu wakiwa wamekaa hivi hivi. Mvua ikinyesha tunazima, tunasubiri ikatike, mwenye haraka ataniwia radhi.

DAWA NA RITACHI mwisho wa kupokea ni saa 7 mchana, na tunafanya kichwa kimoja kimoja. Hapa sibembelezi kwasababu ni usalama wako. Bila umeme pampu ya kisima haipandishi maji, tunategemea simtanki tunayojaziwa na boza, na dawa sio kitu cha kuanza kupaka halafu ndio uulize maji yapo. Ikipitiliza muda wake inaunguza ngozi na nywele zinakatikia kwenye taulo. Tunapima maji kwanza, kisha tunapaka, tunasuuza mpaka iishe kabisa, tunamalizia na ile shampuu ya kukata dawa. Siku maji yakiwa kidogo tutakwambia hapo hapo leo dawa hakuna, tutakuosha tu na kukupaka tritimenti, tunakuvalisha kofia ya nailoni na taulo la moto juu, inaingia vizuri tu hata bila stima.

KUCHA: rangi ya kawaida muda wowote mpaka saa 12 jioni. Jeli tuna taa moja ya chaji, wateja wachache kwa siku, uliza kwanza.

KINYOZI yuko saa 2 asubuhi mpaka saa 1 usiku, mashine zake ni za chaji na ana taa ya sola. Kile kiboksi cha taa ya bluu cha kuwekea mashine hakiwaki kwahiyo anafuta kwa spiriti kila kichwa mbele ya macho yako, ukiona hajafuta mwambie. Ukija na mashine yako ruksa.

MABIBI HARUSI WA JUMAMOSI, nyie msiwe na presha. Siku hiyo tunafungua saa 11 alfajiri na jenereta linawaka muda huo huo kwa ajili yenu, tumeshaongea na jirani wa ukuta kuhusu kelele na kakubali (kwa shingo upande). Ila rola mnakuja kuwekwa Ijumaa mchana, mnalala nazo na kilemba, Jumamosi ni kufungua na kutengeneza tu. Wasimamizi wanaotaka blodrai waje Ijumaa, Jumamosi alfajiri ni bibi harusi na mama yake.

Ijumaa tunasimama saa 6 na nusu mpaka saa 8 mchana kwa ajili ya swala, na siku hiyo jenereta linasogea mpaka saa 10. Jumapili tunasuka tu, saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni, jenereta halitawaka.

Bei: kusuka, kunyoa na kucha za rangi hazijapanda hata mia. Chochote kinachotumia jenereta kinaongezeka elfu 2 ya mafuta, umeme ukirudi na hiyo elfu 2 inaondoka. Kulipa kwa simu kunawezekana ila simu ya saluni nayo inaishiwa chaji, kwahiyo beba na keshi, na ukipata noti ndogo ndogo utatusaidia chenji.

Mliokuwa mmebuku wiki hii kuanzia saa 1 usiku tunawapigia mmoja mmoja leo kuwahamishia asubuhi, ukiona namba ya saluni pokea. Umeme ukirudi hatutachomeka draya siku hiyo hiyo, tunauacha utulie kwanza maana ukirudi huwa unakuja kwa kuruka na kuunguza vitu, ndipo tutaposti statasi kwamba masaa ya zamani yamerudi.

Na wale wenye mawigi mliyoacha kwa kuoshwa, manne yapo tayari, yamekaukia kwenye upepo, yapo vizuri kuliko ya draya. Njooni mchukue Alhamisi kabla ya saa 12 jioni, nafasi ya kutundikia imeisha.