Bibliografia yenye maelezo: Kwa nini tabaka la ozoni lilipungua?

| Chanzo | Hoja kuu | Manufaa | Marejeleo |
|---|---|---|---|
| Molina na Rowland | Gesi za CFC, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, hazivunjiki karibu na ardhi. Hupanda hadi stratosfera, tabaka la juu la hewa lenye ozoni, ambako mionzi ya urujuanimno huzivunja, na klorini inayotoka huharibu ozoni. | Ndio uti wa mgongo wa sura ya 2. Ni kigumu kwa asiyejua kemia, lakini kilitoa onyo kabla uharibifu haujaonekana. | *Nature*, 249 (1974), uk. 810–812 |
| Farman, Gardiner na Shanklin | Vipimo vya Antaktika vyaonyesha ozoni imeshuka sana majira ya kuchipua. | Ushahidi wa vipimo. Nitatumia grafu yake. | *Nature*, 315 (1985), uk. 207–210 |
| Itifaki ya Montreal | Nchi zipunguze kemikali zinazoharibu ozoni, kama CFC. | Hitimisho tu, haielezi sayansi. | Umoja wa Mataifa, 1987 |