Maswali kwa timu ya utafiti wa udumavu, kabla ya kikao cha Kyegegwa

Ndugu zangu watafiti,

Rasimu yenu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimetandaza mezani kadi za kliniki za watoto ninaowafuatilia. Kuzunguka makazi ya wakimbizi ya Kyaka II na vijiji vya jirani wakati wa mvua si kazi nyepesi, na nawashukuru kwa kuturudishia matokeo kabla hayajachapishwa. Wengi huja huku, wakapima, wakaondoka, na namba za watoto wetu hatuzioni tena. Naandika mapema ili Alhamisi tusipoteze muda kusomeana majedwali.

Mmehitimisha kwamba mlo usio na mchanganyiko ndio chanzo kikuu cha udumavu hapa, hata umaskini ukishazingatiwa, na mkapendekeza mafunzo ya mapishi kwa akina mama. Sentensi hiyo itafika wilayani, itaingia kwenye bajeti, na mwisho wake itamfikia mama aliyepanga foleni ya kliniki na mtoto mgongoni, imeshageuka lawama. Ndiyo maana nawabana. Kipimo, chakula na umaskini mmevitenganisha wapi hasa?

Kuhusu kipimo

Naanza na umri, maana hapo ndipo napoteza usingizi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana aliyetimiza miezi 12 huhesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 71.0. Akitimiza 13, mpaka unapanda hadi 72.1. Sasa chukueni mvulana wa sentimita 71.5. Mama akisema miezi 12, mtoto ni mzima. Akisema 13, amedumaa. Mtoto ni yuleyule, ubao wa kupimia ni uleule.

Mwaka jana nilikaa na mama aliyevuka mpaka kutoka Kongo bila karatasi hata moja. Kwanza alisema mtoto alizaliwa wakati wa mahindi mabichi. Halafu akasita, akasema hapana, ni siku zile walipokuwa wanalala kanisani. Tulihesabu kwa vidole, Krismasi, Pasaka, siku waliyopokelewa, siku waliyopewa kiwanja, na ilichukua karibu nusu saa kuupata mwezi. Dodoso lenu lilimpa mama kama huyo dakika ngapi? Ni watoto wangapi walikuwa na kadi yenye tarehe, na wangapi umri wao ulitajwa kwa mdomo? Kwa waliotajwa kwa mdomo, mlitumia kalenda ya matukio? Kama mliitumia, ilikuwa ya wapi? Matukio ya Kyegegwa hayamsaidii mtu aliyejifungulia Masisi, huko Kongo. Naomba pia mchoro wa umri kwa miezi, tuone kama watoto wamerundikana kwenye 12, 24 na 36.

Huenda mkanijibu kwamba makosa ya umri huenda juu na chini, yakafutana. Kwenye wastani, labda. Kwenye asilimia ya walio chini ya alama −2 ya urefu kwa umri, ambayo ndiyo mstari wa udumavu, hapana. Makosa hutanua mtawanyiko wa alama, na mtawanyiko ukitanuka, watoto wengi zaidi huangukia chini ya mstari hata kama wastani haujasogea. Na wasio na kadi ni akina nani? Ni wakimbizi wapya, ni waliojifungulia nyumbani, ni wale wale mnaowaita maskini. Kwa hiyo sehemu ya pengo lenu kati ya maskini na wenye nafuu inaweza kuwa ni pengo la karatasi. Je, uchambuzi ukirudiwa kwa wenye kadi peke yao, matokeo yanasimama?

Pili, ubao. Mmeandika kwamba walio chini ya miezi 24 walilazwa na waliozidi walisimamishwa, na hiyo ni sahihi. Lakini mtoto mdogo aliyegoma kulala mlimfanyaje? Kama alipimwa amesimama, mliongeza ile sentimita 0.7? Kwenye picha ya kiambatisho kuna binti kasukwa nywele, na fundo la utosini limekinyanyua kibao cha kichwa. Mimi fundo hilo nalifungua, au naandika pembeni kwamba halikufunguka. Ninyi mlikubaliana nini?

Tatu, nani alipima wapi. Kutokana na ratiba yenu naona timu moja ilibaki ndani ya makazi ya wakimbizi na nyingine ikabaki vijijini hadi mwisho. Ikiwa ni hivyo, mkono wa mpimaji na hali ya familia vimefungwa kamba moja, na hakuna hesabu itakayovifungua. Mlipima mara mbili? Kama ndiyo, nipeni kosa la kiufundi la kila mpimaji kwa kanuni ya kawaida,

`TEM = √(Σd² / 2n)`

pamoja na mkengeuko wa kawaida wa alama za urefu kwa umri kwa kila timu. Mkengeuko ukipita sana 1.3, mimi hukagua namba kwanza ndipo nizungumzie njaa.

Kuhusu chakula

Kipimo chenu ni kile cha makundi matano kati ya manane kwa saa 24 zilizopita. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake, nacho kilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 23. Ninyi mmekipeleka hadi miezi 59. Maziwa ya mama ni kundi mojawapo. Mtoto wa miaka mitatu aliyekwisha kuachishwa anaanza akiwa na pengo ambalo si kosa la mtu. Mlifanya nini kuhusu hilo?

Na sahani ya jana inawezaje kusimulia urefu? Kimo cha mtoto wa miezi 30 kimejengwa tangu tumboni, kwa malaria na kuharisha, na kwa miezi yote ya kunyonya na kulikizwa. Jana ilikuwa siku moja. Huku pia jana inategemea: siku tatu baada ya mgao wa chakula si sawa na siku tatu kabla ya mgao. Mliandika tarehe ya mgao wa kila kaya? Upande wa pili, mama akimwona mtoto amedhoofika humtafutia yai. Mtoto huyo ataonekana kwenye namba zenu ni mfupi na anakula vizuri. Mmehesabu wangapi waliugua wiki mbili kabla ya mahojiano?

Kuna jambo la lugha ambalo ninyi wa kutoka Kampala huenda hamkuliona. Dodoso la Kiswahili linauliza: "Jana mtoto alikula mboga?" Kwa Wakongo wengi tunaoishi nao, mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Sombe ni mboga, maharage ni mboga, samaki ni mboga. Mama akajibu ndiyo, karani akatia alama kwenye majani. Samaki hakuandikwa popote, au aliandikwa mara mbili karani alipofika kwenye swali la nyama na samaki. Kwa Kitooro swali lenu linataja dodo kwa jina, na dodo ni majani tu. Basi kundi moja mmeliuliza maswali mawili tofauti, kisha mkawalinganisha wenyeji na wakimbizi. Naomba mrudi kwenye karatasi za awali mhesabu. Na mukene, wale dagaa, waliosagwa wakatiwa kwenye uji, mliwaweka kwenye samaki au mliwaacha kama kiungo?

Sidharau chakula, na msinisome hivyo. Jaribio la yai moja kwa siku lililofanyika Ekuado na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha watoto wakirefuka; la Malawi lililochapishwa 2019 halikuonyesha hivyo, na watoto wa kule walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Yai lilelile lilitoa majibu mawili. Basi mnaposema "mlo" ndani ya Kyaka, mnamaanisha nini kinachokosekana: protini ya mnyama, kiasi chenyewe, au karanga zenye ukungu tunazonunua kwa bei ya kutupwa? Rasimu haisemi, na mafunzo ya mapishi hayatibu yote matatu.

Kuhusu umaskini

Kiwango chenu cha mali kimejumlisha bati, simu, redio, mbuzi, aina ya choo na chanzo cha maji. Bomba ndani ya makazi liliwekwa na mashirika. Mama anayechota hapo hana hela ya chumvi, lakini kwenye jedwali lenu anampita mkulima wa kijiji cha jirani anayechota kisimani na ana ng'ombe wawili. Je, kiwango hicho mlikikokotoa kimoja kwa wote, au kila kundi lilipata chake? Na choo na maji si dalili za umaskini tu. Kuhara hupitia humo humo hadi kwa mtoto. Mbuzi naye ni mali na ni maziwa. Mkiyatia yote kapu moja mkaliita "umaskini", halafu mkalizuia lisisogee ili muone nguvu ya chakula, sehemu ya chakula mmeifungia ndani ya kapu hilo.

Kinyume chake ndicho kinachonisumbua zaidi. Umaskini humfikia mtoto kwa kupitia sahani. Mkiweka mlo na mali kwenye hesabu moja, namba ya mali hushuka kwa sababu sehemu ya kazi yake imekabidhiwa mlo. Ninyi mmeisoma namba hiyo iliyoshuka kana kwamba ndiyo athari yote ya umaskini. Mlichora mchoro wa nini kinasababisha nini kabla ya kuanza hesabu? Kama mlichora, uleteni. Leteni pia jedwali dogo la visanduku vinne: maskini wenye mlo mzuri, maskini wenye mlo duni, wenye nafuu wenye mlo mzuri, wenye nafuu wenye mlo duni. Ikiwa kisanduku cha maskini wenye mlo mzuri kina watoto kumi tu, basi utengano wenu umetoka kwenye mstari wa kompyuta, haukutoka kwa watoto.

Wala sidai kwamba kila kitu ni fedha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 uliikuta Tooro na udumavu wa takriban 41% na Teso 14%, na sisi ndio wenye matoke na ng'ombe. Anayeeleza udumavu kwa umaskini peke yake lazima alijibu hilo. Lakini pia lazima alijibu anayeueleza kwa ujinga wa mama jikoni.

Mawili mafupi nimalizie. Urefu wa mama mliupima? Sikuuona, na bila huo sijui ni kiasi gani cha ufupi wa mtoto kilikuwepo kabla hajaonja uji. Na je, ni watoto wachache waliobaki nyuma, au mkunjo mzima wa alama umesogea kushoto, hata wale mliowaita wazima?

Alhamisi nitakuja na ubao wa kituo chetu. Mmoja wa wapimaji wenu akiwa tayari, tutampima mtoto yuleyule sisi wawili, kila mtu kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake, kisha tuzifunue mbele ya wote.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa lishe, Kyegegwa